Mita 15 kati ya kegi na koki: kwa nini bia ya drafti huchacha ikiwa baa

Mteja akilalamika kwamba bia ya koki imechachuka au inanuka siagi, jibu analopewa mara nyingi ni moja kati ya mawili: kiwanda kimeharibu, au drafti ndivyo ilivyo. Yote mawili huwa si kweli mara nyingi. Bia iliyomo ndani ya kegi imekaa mahali salama kuliko hata ile ya chupa: pipa la chuma lisilopitisha mwanga, halina hewa ya nje, limeshindiliwa gesi. Kinachoiharibu ni safari yake fupi ya mwisho, kutoka chumba cha baridi hadi kwenye glasi, na safari hiyo ni kazi ya baa, si ya kiwanda.

Tuifuate njia yenyewe. Juu ya kegi hufungwa kichwa chenye matundu mawili. Tundu moja linaingiza gesi kutoka kwenye mtungi, kwa kawaida kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo inaikandamiza bia kutoka juu. Bia haina pa kwenda ila kushuka chini, kupanda kwenye bomba jembamba lililosimama katikati ya kegi, na kutokea tundu la pili. Hapo inaingia kwenye mrija wa plastiki, inapita ukutani au chini ya kaunta, inafika kwenye nguzo yenye koki, na mhudumu akivuta mpini inamiminika. Pale ambapo kegi inakaa chini ya kaunta, mrija unaweza kuwa wa mita moja na nusu tu. Pale ambapo chumba cha baridi kiko nyuma ya jengo, unafika mita 15, 20 au zaidi.

Katika njia hiyo bia haisafiri muda wote. Mhudumu akifunga koki, inasimama. Baa ikifungwa saa sita usiku na kufunguliwa kesho yake mchana, bia iliyojaa mrija imelala humo humo saa 12 au zaidi. Mahali kama Mombasa au Dar es Salaam, ambako joto la chumba hufika nyuzi 30, kila kipande cha mrija kilichotoka nje ya ubaridi kinakuwa mahali pazuri pa wadudu kuzaliana.

Ninaposema wadudu nina maana ya bakteria na hamira za mwituni. Bia ina kinga nzuri dhidi ya vijidudu vingi: ina kileo, ina uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, unaoua bakteria wengi, ina asidi ya kutosha (pH yake kwa kawaida haiko mbali na 4.3), na haina oksijeni ya maana. Ndiyo maana vijidudu vya kuharisha havioti kwenye bia ya kawaida, na bia iliyochacha kwa kawaida inakera ulimi tu, haimlazi mtu kitandani. Lakini kuna kundi dogo la vijidudu lililozoea maisha hayo. Laktobasilasi na pediokokasi hawahitaji oksijeni, na aina zao zinazopatikana kwenye mifumo ya bia zimejenga uwezo wa kuvumilia hopsi. Hao ndio huleta uchachu wa maziwa mgando, na pia kitu kiitwacho daisetili, ambacho harufu yake ni ya siagi au bisi zilizopakwa siagi. Asetobakta wao wanataka hewa, kwa hiyo huishi kwenye koki, na kazi yao ni kugeuza kileo kuwa siki. Hamira za mwituni zinaweza kuleta harufu ya karafuu au ya dawa ya hospitali, na huifanya bia isionekane angavu.

Kama vijidudu hivi vingekuwa vinaelea tu, bia yenyewe ingevisukuma nje kila mhudumu anapomimina. Tatizo ni kwamba vinang'ang'ania ukuta wa mrija. Vinaanza vichache, vinajishika, kisha vinajitengenezea ute unaovifunika na kuvigandisha pamoja na mabaki ya protini na sukari za bia. Ni sawa kabisa na ukoga wa meno: kusukutua maji hakuuondoi, na ukiuacha unazidi kuwa mnene na mgumu. Chini ya utando huo vijidudu vimekingwa. Bia inapita juu yake, inavilisha, na inaondoka na ladha yake.

Utando huo unaharibu ladha, na pia unaharibu povu. Gesi iliyoyeyuka kwenye bia hutafuta mahali penye mikwaruzo pa kujitengea mapovu, na ukuta uliokwaruza unaipa maelfu ya mahali hapo. Baa nyingi zinapoona povu jingi hukimbilia kuchezea kipimo cha gesi kwenye mtungi. Wakishusha gesi, bia inapoteza gesi yake ndani ya mrija na povu linaongezeka. Kama presha haijaguswa na chumba cha baridi kiko sawa lakini koki moja imeanza kutema povu ambalo jirani zake hazitemi, mimi huanza kuushuku mrija.

Na koki nayo ina mambo yake. Koki za aina ya zamani, ambazo bado ziko baa nyingi, zinafunga kwa nyuma: mhudumu akisukuma mpini, kizibo kinaziba bia sentimita kadhaa kabla ya mdomo. Sehemu yote ya mbele inabaki na utelezi wa bia, na imeachwa wazi kwa hewa. Bia hiyo inakauka, inakuwa gundi, na mpini unaanza kukwama asubuhi. Wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva hupenda kuingia mdomoni mwa koki, na miguuni wanabeba asetobakta. Fungua koki ambayo haijaguswa kwa miezi miwili, toa kile kijiti cha katikati na mpira wake, uvipanguse kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitatoka na ute wa kahawia, wakati mwingine na vipande vyeusi, na ukikinusa utapata siki. Bia ya kila mteja ilipita hapo. Koki zinazofunga mbele, mdomoni kabisa, zina nafuu kwa kuwa sehemu inayobaki wazi ni ndogo sana, lakini nazo zinahitaji kufunguliwa.

Sasa mtu atajuaje kama kosa ni la mrija, la koki au la kegi yenyewe? Tuchukue baa yenye koki nne, chumba cha baridi nyuma, na mirija ya mita 15 yenye upana wa ndani wa milimita 9.5. Mrija wa upana huo unabeba takriban mililita 71 kwa kila mita, kwa hiyo mita 15 zinabeba lita moja na kidogo. Hizo ni magi mbili za nusu lita. Jumatatu mchana, kabla ya mteja wa kwanza, chukua glasi safi sana na umimine magi tatu mfululizo kutoka koki moja, ukizipanga kwa mpangilio wake.

Magi ya kwanza na ya pili ni bia iliyolala ndani ya mrija. Ya tatu ndiyo imetoka kwenye kegi sasa hivi na kupita mbio. Subiri povu litulie, kwa kuwa magi ya kwanza huwa na joto na povu hata kwenye mrija safi, na hilo lisikupotoshe. Kisha nusa, halafu onja. Kama mbili za kwanza zina uchachu au siagi na ya tatu iko safi, mrija una utando. Kama ukakasi wa siki uko kwenye funda la kwanza kabisa tu, na magi hiyo hiyo inaendelea vizuri, angalia koki. Kama zote tatu ni mbaya kwa kiwango kile kile, kuna mambo mawili: kegi imeharibika au ni ya siku nyingi, au mrija umeoza kiasi kwamba hata bia inayopita mbio inanuka. Kuyatenganisha si kazi ngumu. Funga kegi hiyo hiyo kwenye mrija mwingine uliooshwa. Ubaya ukihama na kegi, rudisha kegi kwa msambazaji. Ukibaki kwenye mrija, unajua la kufanya.

Ladha ya kadibodi iliyolowa, mfano, haitoki kwenye mrija. Hiyo ni bia iliyozeeka au kupigwa na oksijeni, na kuosha mirija hakutaisaidia. Vilevile bia isiyoshika povu kabisa, yenye mapovu yaliyogandia pembeni mwa glasi, inaonyesha glasi yenye mafuta. Nayataja kwa sababu nimeona mirija ikilaumiwa kwa makosa ya karai la kuoshea vyombo.

Kasi ya mauzo ina nguvu kubwa katika hili. Kenya, tangu East African Breweries walipoingiza sokoni Senator Keg mwaka 2004, kuna sehemu ambazo kegi inafunguliwa na kuisha siku hiyo hiyo. Bia haina nafasi ya kulala. Hoteli yenye koki sita za bia tofauti na wateja wanaoagiza moja au mbili tu kati ya hizo iko kwenye hatari zaidi, hata kama sakafu yake inang'aa. Ukiwa mgeni mahali, agiza ile inayotoka sana.

Tuje kwenye kuosha. Kosa la kawaida ni kupitisha maji kila kegi inapobadilishwa na kuita hiyo kuosha. Maji yanaondoa bia, hayaondoi utando. Maji ya moto nayo peke yake hayatoshi, na yakiwa ya moto sana yanaharibu mirija ya plastiki. Kinachovunja utando ni kemikali yenye kostiki soda, ile ile wanayonunua watengeneza sabuni. Inafanya humo kile inachofanya kwenye sufuria ya sabuni: inashika mafuta na kuyageuza yayeyuke majini, na inakatakata protini zinazougundisha utando. Brewers Association, chama cha watengenezaji bia wa Marekani ambacho mwongozo wake wa drafti unatumiwa na wengi nje ya nchi hiyo pia, kinataka mirija ioshwe kwa kostiki angalau kila siku 14. Uingereza desturi ni kila wiki. Katika joto la pwani, mimi ningeegemea desturi ya Uingereza.

Nguvu ya mchanganyiko ni asilimia 2 ya kostiki kwa uzito, na asilimia 3 kwa mirija mikuukuu au iliyokwisha kuathirika. Maana yake, katika kilo 10 za mchanganyiko, gramu 200 ni kostiki yenyewe na zinazobaki ni maji. Hapa watu hukosea, kwa sababu dawa ya madukani si kostiki tupu. Kama kibandiko kinasema ina asilimia 25, basi gramu 200 hizo zimo ndani ya gramu 800 za dawa. Soma kibandiko, pima kwa mizani, usikadirie kwa kifuniko. Vaa glavu ndefu na miwani ya kuziba, na siku zote mimina dawa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa, kwani kostiki ikikutana na maji machache hupata joto kali na kuruka usoni. Joto la mchanganyiko liwe kati ya nyuzi 27 na 43 za sentigredi.

Turudi kwenye baa yetu. Kwanza gesi inafungwa na vichwa vinatolewa kwenye kegi. Koki zote zinafunguliwa kwa spana yake na kulowekwa kwenye beseni la dawa. Mirija miwili inaunganishwa kule mbele, mahali pa koki, kwa kipande kifupi cha mpira, ili ifanye mzunguko mmoja wa mita 30: pampu inasukuma kutoka ndoo, maji yanakwenda kwa mrija wa kwanza na kurudi kwa wa pili. Yanatangulia maji matupu hadi yatoke bila rangi ya bia. Hatua hii haifai kurukwa, kwa kuwa kaboni dayoksaidi iliyomo kwenye bia inaimaliza nguvu kostiki kabla haijagusa uchafu. Kisha inaingia dawa, na inazungushwa dakika 15 zisizopungua.

Kasi ina kazi yake. Mwongozo unataka lita 7.6 hivi kwa dakika, karibu mara mbili ya kasi ya kumimina bia, ili maji yasukesuke ukutani badala ya kuteleza katikati. Kupima ni rahisi: jagi la lita moja likingwe kwenye mdomo wa kurudi, lijae kwa sekunde nane. Likichukua sekunde 20, mzunguko ni mrefu mno kwa pampu hiyo. Gawa, osha mrija mmoja mmoja.

Baa nyingi hazina pampu. Zina mtungi wa kuoshea unaofungwa kichwa cha kegi juu yake na kusukumwa kwa gesi ile ile ya bia. Njia hii inafanya kazi, ila dawa inasimama ndani ya mrija badala ya kukimbia, kwa hiyo inahitaji dakika 20 au zaidi, na ni vizuri kila baada ya dakika kadhaa kufungua koki kidogo ili dawa mpya iingie. Tena, gesi ya kusukumia ikiwa ni kaboni dayoksaidi, inaendelea kuila kostiki iliyomo mtungini, kwa hiyo mchanganyiko utumike mara moja na kumwagwa. Dawa nyingine zina rangi ya zambarau inayogeuka kijani zikikutana na uchafu. Hizo humsaidia mtu kuona kinachoendelea: kama rangi inayotoka bado ni kijani, endelea.

Baada ya hapo ni kusuuza kwa maji baridi safi, na hapa sitaki mtu afanye kwa kubahatisha. Hatari ya kweli kwa mnywaji katika habari hii yote ni dawa iliyobaki kwenye mrija. Kostiki inaunguza koo. Chukua karatasi ya kupimia pH, chovya kwenye maji ya bomba yanayoingia, kisha kwenye yanayotoka. Zikilingana, umemaliza. Zisipolingana, endelea kusuuza, hata kama maji yanaonekana meupe. Na mhudumu mwingine asiweze kuvuta koki wakati dawa iko ndani: funga mipini au weka bango lisiloweza kukosekana kuonekana.

Wakati dawa inazunguka, koki zilizolowekwa zinapigwa brashi ndani, kila kijiti na kila mpira. Vichwa vya kegi navyo vinapigwa brashi upande unaogusa kegi, kwa sababu kila kegi inapobadilishwa kwa mikono iliyotoka kufuta kaunta, hapo ndipo mlango wa kuingilia ulipo. Mpira uliopasuka au kulegea ubadilishwe. Mpasuko mdogo ni nyumba ambayo dawa haifiki.

Kuna uchafu mmoja ambao kostiki haiuwezi. Kalsiamu ya maji inaungana na asidi ya oksaliki inayotoka kwenye kimea, na kuganda ukutani kama ganda gumu la kijivu au kahawia hafifu. Wenyewe huliita jiwe la bia. Likishajijenga, linawapa bakteria mahali pa kushikilia hata baada ya kuosha. Hilo linaondolewa kwa asidi, mara nyingi ya fosforasi, kila baada ya miezi mitatu, baada ya kostiki kuwa imesuuzwa kabisa. Asidi isikutane na dawa yenye klorini hata kidogo: gesi ya klorini inayotoka hapo inaweza kuua mtu katika chumba kidogo kisicho na dirisha, na chumba cha kegi ndivyo kilivyo.

Sababu inayotajwa zaidi ya kuruka kuosha ni bia inayomwagwa. Tuihesabu. Mrija wetu una lita 1.07. Ukiosha kila siku 14, ni mara 26 kwa mwaka, yaani lita 28 hivi kwa koki moja. Ni zaidi kidogo ya nusu ya kegi ya lita 50, kwa mwaka mzima. Inapungua zaidi kama kuosha kunapangwa siku ambayo kegi inaelekea kuisha: ikikauka, gesi yenyewe inasukuma bia yote ya mwisho hadi kwenye glasi, na mrija unaooshwa hauna cha kumwaga. Upande wa pili, koki inayotema povu ikipoteza mililita 50 tu kwa kila magi, inamaliza lita 28 hizo kwa magi 560. Baa yenye shughuli inafika huko mapema sana.

Mwisho wa uwezo wa kuosha ni mrija wenyewe. Plastiki laini, ile inayopinda kirahisi na kuonekana ndani, inanyonya harufu na kupata mikwaruzo, na mwongozo unataka ibadilishwe kila mwaka. Mirija migumu yenye tabaka la ndani linalozuia oksijeni hudumu zaidi. Ikiwa mrija umewahi kupitisha kinywaji chenye ladha kali ya matunda au viungo, ladha hiyo inaweza kukaa ndani ya plastiki na kuhamia kwenye lager inayofuata, hata karatasi ya pH ikisema uko safi. Na ikiwa umeosha kwa kostiki, ukarudia kwa asilimia 3, ukapitisha asidi, na magi mbili za kwanza za Jumatatu bado zinanuka siagi huku ya tatu ikiwa safi, acha kununua dawa. Kata mrija, vuta mpya.